Unahitaji Mtaji wa Shilingi Ngapi ili Riba Pekee Ikulipe 30,000 Kila Mwezi?

Tukiwa Donholm kwa mafunzo ya wateja, mama mmoja aliyestaafu alisubiri wengine wamalize maswali ya PIN na laini zilizopotea, kisha akauliza lake. "Wanangu, mimi sitaki kuwa tajiri. Nataka elfu thelathini kila mwezi, na ile pesa yenyewe ibaki pale pale nikiwaachia watoto. Sasa niambieni, nahitaji milioni ngapi?"

Tulimjibu kwa kifupi siku hiyo, na jibu la kifupi lilikuwa na shimo ndani yake. Hili hapa ni jibu refu. Tutatumia 30,000 na mama wa mfano mwenye shilingi milioni 3 za kustaafu, lakini hesabu ni ile ile ukitaka 5,000 au 100,000. Asilimia tulizotumia ni za mfano, kwa hivyo weka zile utakazokuta siku unapowekeza.

Hesabu yenyewe

Mtu anayekula riba bila kugusa mtaji anahitaji kujua vitu viwili tu: anataka shilingi ngapi kwa mwaka, na kila shilingi 100 anayoweka itamletea ngapi mkononi baada ya kodi. Ukigawa ya kwanza kwa ya pili, umepata mtaji.

Elfu thelathini mara miezi 12 ni 360,000. Tuseme umepata mahali panapolipa asilimia 10 kwa mwaka. Usikimbilie kugawa kwa 0.10, maana riba hiyo hukatwa kodi kabla haijakufikia. Riba ya benki na ya mifuko ya soko la pesa, ile wengi huita MMF, hukatwa asilimia 15. Ukipata riba ya shilingi 100, unabaki na 85. Kwa hivyo asilimia 10 yako ni asilimia 8.5 mkononi. Fungua kikokotoo cha simu uandike:

```
360000 / 0.085
```

Jibu ni 4,235,294. Yaani milioni 4 na laki mbili na ushee. Kama ungesahau kodi ungepata 3,600,000, na mwezi wa kwanza ungeshangaa kupokea 25,500 badala ya 30,000. Hili ndilo kosa tunaloliona mara nyingi zaidi, na ni rahisi kulirekebisha.

Kuna kosa la pili ambalo limejificha zaidi. Mifuko mingi ya soko la pesa hutangaza riba ya mwaka ikichukulia kwamba hutoi chochote, kwamba riba ya Januari inakaa ndani na kuzaa riba Februari, na kuendelea hivyo mpaka Desemba. Wewe mpango wako ni kuitoa riba kila mwezi uile. Riba yako haizai riba. Kwa hivyo ile asilimia 10 iliyotangazwa hutaifikia, hata kama mfuko haujakudanganya neno lolote. Ukiigawa kwa miezi vile inavyotakiwa, asilimia 10 ya namna hiyo ni kama asilimia 0.797 kwa mwezi, ambayo mara 12 inakuja asilimia 9.57. Toa kodi, unabaki na asilimia 8.13. Mtaji unaohitajika sasa ni kama 4,426,000. Tofauti na hesabu ya kwanza ni karibu laki mbili, na hiyo si pesa ya kupuuza. Ukitaka kujua mfuko wako unatangaza kwa njia gani, piga simu uwaulize swali moja: "Nikitoa riba yote kila mwezi, milioni moja itanipa shilingi ngapi mkononi?" Wakikujibu kwa shilingi badala ya asilimia, hapo mmeelewana.

Riba haikai mahali pamoja

Tungeishia hapo, mama wa Donholm angeenda kutafuta 4,426,000 akidhani kazi imekwisha. Shida ni kwamba riba ya mfuko wa soko la pesa hubadilika karibu kila siku. Mfuko huo hukusanya pesa za watu na kuzikopesha kwa muda mfupi, sana sana kwa serikali kupitia hati za siku 91, 182 na 364, na kwa benki. Serikali ikilipa zaidi, wewe unapata zaidi. Ikilipa kidogo, unapata kidogo, na hakuna wa kumlalamikia.

Wakenya wameliona hili kwa macho yao. Katikati ya mwaka 2024 hati ya serikali ya siku 91 ilikuwa ikilipa karibu asilimia 16. Benki Kuu, iliyokuwa imepandisha riba yake ya msingi mpaka asilimia 13 mnamo Februari 2024, ikaanza kuishusha Agosti mwaka huo huo na ikaendelea kuishusha mkutano baada ya mkutano. Kufikia Februari 2025 hati ya siku 91 ilikuwa chini ya asilimia 10. Mifuko ya soko la pesa ikafuata chini, ikichelewa kidogo kwa sababu hati za zamani zenye riba nzuri zilikuwa bado hazijaisha muda.

Sasa fikiria aliyepiga hesabu yake 2024. Ameona mfuko unaompa asilimia 15, akatoa kodi akabaki na 12.75, akagawa 360,000 kwa 0.1275, akapata 2,823,529. Akaweka pesa hiyo, akaacha kazi. Riba ikishuka kutoka 15 hadi 10, mtaji wake haujapungua hata shilingi moja, lakini mapato yake ya mwezi yametoka 30,000 yakawa 20,000. Mwenye nyumba hajapunguza kodi. Ndipo mtu huanza kutoa "kidogo tu" kutoka kwa mtaji ili kufidia, na mtaji ukipungua riba ya mwezi ujao nayo inapungua, kwa hivyo mwezi ujao anahitaji kutoa zaidi kidogo. Ukiona hilo limekutokea miezi miwili mfululizo, jua kwamba huishi tena kwa riba.

Kwa sababu hiyo sisi tungeshauri usitumie riba ya leo kama riba nzuri. Tumia riba ambayo ungekuwa tayari kuivumilia miaka mibaya. Kama leo unaona 10, piga hesabu kwa 8. Inauma, maana mtaji unaohitajika unapanda, lakini inauma mara moja tu na ukiwa bado una mshahara.

Bondi za serikali: riba iliyofungwa

Njia ya pili ni hatifungani za serikali, au bondi kama sote tunavyosema. Hapa serikali inakuahidi riba isiyobadilika kwa miaka yote ya bondi, na mwisho inakurudishia pesa yako. Tangu 2023 mtu wa kawaida anaweza kufungua akaunti ya DhowCSD ya Benki Kuu kwa simu yake, akiwa na kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya benki. Kima cha chini kwa bondi za kawaida ni 50,000.

Kodi ya riba ya bondi inategemea urefu wake. Bondi ya chini ya miaka 10 hukatwa asilimia 15, lakini ya miaka 10 na zaidi hukatwa asilimia 10. Za miundombinu, zile ambazo majina yake huanza na IFB, zimekuwa zikitolewa bila kodi ya riba kabisa. Hapa ndipo watu hulinganisha vibaya. Bondi ya kawaida ya miaka 15 inayolipa asilimia 13 inakuachia 11.7 mkononi. Ya miundombinu inayolipa 12 inakuachia 12 yote. Ya pili ndiyo nzuri zaidi, ingawa namba iliyoandikwa ni ndogo.

Mwezi Februari 2024 serikali ilitoa bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu yenye riba ya asilimia 18.4607 bila kodi. Aliyenunua ya milioni mbili siku hiyo anapokea zaidi ya 369,000 kwa mwaka, yaani 30,000 na kitu kwa mwezi, na riba zikishuka kote sokoni yake haishuki. Wengi walioikosa wanaitafuta sasa kutoka kwa wanaouza kwenye Soko la Hisa la Nairobi. Inapatikana, lakini si kwa bei ile ile, na hapo tunaomba msomaji asimame kidogo.

Bondi nzuri ya zamani huuzwa ghali kuliko thamani iliyoandikwa juu yake. Tuseme bondi ya thamani ya 100, inayolipa 18 kwa mwaka bila kodi na imebakisha miaka 6, unauziwa kwa 120. Unapokea 18 kila mwaka, na kwa pesa uliyotoa hiyo ni asilimia 15. Tamu sana. Lakini mwisho wa miaka 6 serikali itakurudishia 100, si 120, kwa sababu yenyewe ilikopa 100. Ile 20 imekwenda. Ukiila ile 18 yote kila mwaka ukidhani ni riba tupu, umekuwa ukila mtaji wako pole pole bila kuhisi. Ili ubaki na mtaji wako kamili, lazima kila mwaka uweke kando kama 3.33, ambayo mara sita ni 20. Unabaki na 14.67, na ukigawa kwa 120 unapata asilimia 12.2. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza kwenye hesabu yetu, wala si 18 wala 15. Ukinunua bondi mpya kwa bei ya 100 kwa 100, shida hii haipo.

Jambo lingine la bondi za miundombinu ni kwamba baadhi yake hurudisha sehemu ya mtaji kabla ya mwisho. Siku moja unaona pesa nyingi zimeingia benki kuliko kawaida. Hiyo ziada si riba na si bahati. Ni mtaji wako umerudi nyumbani, na unatakiwa kuupeleka kazini tena. Soma masharti ya bondi kabla ya kununua, tarehe hizo huandikwa.

Bondi hulipa kila miezi sita, lakini kodi ya nyumba ni ya kila mwezi

Tumrudie mama wetu wa milioni 3. Akiziweka zote kwenye bondi ya miaka 15 inayolipa asilimia 13, aliyoinunua ikiwa mpya kwa bei kamili, anapata riba ya 390,000 kwa mwaka, kodi inakata 39,000, anabaki na 351,000. Kwa mwezi ni 29,250. Karibu kabisa na ndoto yake.

Ila haipati kwa mwezi. Bondi za serikali hulipa mara mbili kwa mwaka. Atapokea 175,500 baada ya miezi sita, na miezi hiyo sita ya kwanza atakula nini? Wako wanaonunua bondi sita zenye tarehe tofauti za malipo ili kila mwezi mmoja wapo ulipe. Inawezekana, lakini inachukua muda kuzikusanya. Njia nyepesi ni kuwa na kisima kidogo kando.

Mama anaweka 2,700,000 kwenye bondi na 300,000 kwenye mfuko wa soko la pesa uliounganishwa na simu yake. Bondi inamletea 315,900 kwa mwaka baada ya kodi, yaani 157,950 kila miezi sita. Riba ya bondi ikiingia benki, anaihamishia mfukoni. Kila mwezi anatoa kiasi kile kile kutoka mfukoni kwenda kwa simu, kama mshahara. Mfuko nao unamwongezea kitu kama 20,000 kwa mwaka, kwa sababu pesa ya ndani inapanda na kushuka. Jumla ni karibu 336,000, ambayo ni 28,000 kwa mwezi.

Mtu atauliza: katika ile miezi sita ya kwanza si anatoa kutoka kwa ile laki tatu, na hiyo ni mtaji? Ndiyo, anajikopesha. Kwa hivyo hesabu ya kama mtaji umeguswa haifanywi kila mwezi. Inafanywa siku riba ya bondi inapoingia. Siku hiyo mfuko ukiwa na 300,000 au zaidi, yuko salama. Ukiwa chini ya hapo, ametumia zaidi ya alichopata na mwezi unaofuata apunguze.

Huenda unajiuliza kwa nini tusiache kisima hicho kwenye salio la simu lenyewe. Salio la kawaida la simu halikulipi riba, na lina kikomo cha 500,000. Pia jumla unayoweza kutuma kwa siku ni 500,000, na mara moja huwezi kuzidisha 250,000. Mtaji wa milioni kadhaa upitishe benki. Simu iachie ile kazi inayoifanya vizuri, ya kukufikishia pesa ya mwezi. Na utoe mara moja kwa mwezi badala ya elfu mbili mbili kila siku ya pili, maana ada ndogo ndogo nazo ni sehemu ya riba yako.

Shimo tulilolisahau

Tulisema jibu letu la Donholm lilikuwa na shimo. Mama alitaka elfu thelathini "kila mwezi" bila mwisho. Sisi tukahesabu shilingi, tukasahau unga.

Bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ambayo ndiyo katikati ya lengo la serikali la kati ya 2.5 na 7.5, elfu thelathini ya baada ya miaka 10 itanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa kama 18,400. Baada ya miaka 20, kama 11,300. Na kuna miaka mibaya zaidi: Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 9.6. Mama akila riba yote, mtaji wake utabaki milioni ile ile kwenye karatasi, na watoto wataurithi, lakini yeye mwenyewe kila mwaka atakuwa akinunua kidogo zaidi pale dukani.

Dawa ni kutokula riba yote. Sehemu inayolingana na kupanda kwa bei inabaki ndani ili mtaji ukue, na wewe unakula kilichobaki. Ukiwa na asilimia 8.5 mkononi na bei zinapanda 5, unaruhusiwa kula 3.5 tu:

```
360000 / 0.035
```

Jibu ni 10,285,714. Milioni kumi! Tunajua namba hiyo inakatisha tamaa, lakini angalia inavyofanya kazi. Mwaka wa kwanza inaleta 874,286. Unakula 360,000, na 514,286 inabaki ndani. Mtaji sasa ni 10,800,000. Mwaka wa pili unaleta 918,000, unakula 378,000, yaani 31,500 kwa mwezi, na 540,000 inabaki. Kila mwaka mshahara wako unapanda asilimia 5 pamoja na bei, na hauna mwisho. Hilo ndilo jibu la kweli la neno "bila mwisho", na linaonyesha pia kwamba kinachohesabika ni pengo kati ya riba na bei. Riba ya 15 wakati bei zinapanda 12 inakupa kidogo kuliko riba ya 9 wakati bei zinapanda 3.

Kati ya milioni nne na milioni kumi kuna nafasi ya kukaa, na wengi wetu tutakaa hapo katikati. Aliye na miaka 75 hahitaji kulinda mshahara wake kwa miaka 40. Mwenye pensheni nyingine inayopanda anaweza kula riba zaidi. Aliyeacha kazi na miaka 45 na hana kingine, huyo asijidanganye na hesabu fupi.

Mama wetu, akiwa na milioni 3 na mapato ya 28,000 kwa mwezi, tungemwambia atoe 22,000. Kwa mwaka atatumia 264,000 na kubakisha kama 72,000, ambayo ni asilimia 2.4 ya mtaji wake. Haifiki 5, kwa hivyo mshahara wake utashindwa na bei, ila kwa mwendo wa pole zaidi. Na kwa kuwa 72,000 inapita kima cha chini cha 50,000, kila mwaka anaweza kununua kipande kingine cha bondi. Elfu nane inayokosekana kufikia thelathini itabidi itoke kwingine: chumba kimoja cha kupangisha, watoto, au kibanda.

Na kodi ya nyumba je?

Watu wa Donholm hutuuliza hili kila mara, na jumba la maduka la Greenspan liko pale pale wakiliona. Jumba hilo lilikuwa mali ya Fahari, mfuko wa majengo ambao ulimruhusu mtu wa kawaida kununua kipande na kugawiwa mapato ya kodi. Vipande viliuzwa kwa shilingi 20 mwaka 2015. Mwaka 2023, mfuko ulipokuwa ukijiandaa kuondoka kwenye soko kuu la hisa, wenye vipande vidogo walipewa nafasi ya kuuza kwa shilingi 11. Miaka hiyo walipokea gawio, na hawakuuza kipande hata kimoja, kwa hivyo wangeweza kuapa kwamba hawajagusa mtaji. Mtaji ulipungua wenyewe. Hatusemi majengo ni mabaya. Tunasema kutogusa mtaji na mtaji kutopungua ni mambo mawili, na kila mahali unapoweka pesa uliza ni nini kinaweza kuipunguza ukiwa umekaa tu. Kwa bondi, ni kulazimika kuiuza kabla ya wakati riba zikiwa zimepanda, maana bei yake hushuka. Kwa akaunti ya muda maalum ya benki, ni benki kuanguka: bima ya amana hulipa mpaka 500,000 kwa mteja katika benki moja, na zinazozidi hapo unasubiri. Mfuko wa soko la pesa haumo kwenye bima hiyo. Kinga yake ni kwamba pesa zenu hushikwa na mtunzaji tofauti na meneja, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya mamlaka hiyo.

Ile hesabu yetu inaweza pia kupigwa kinyume, na hii ndiyo tungependa uifanye kila unapopata ujumbe wa kukualika kwenye kikundi cha uwekezaji. Mtu akikwambia laki tatu yako itakupa elfu thelathini kila mwezi, chukua 360,000 ugawe kwa 300,000. Unapata 1.2, yaani asilimia 120 kwa mwaka. Serikali inakopa kwa asilimia 13 na benki zinawakopesha wateja wao kwa riba ya juu kidogo ya hapo. Hakuna biashara halali inayokopa kwa 120 huku benki iko mlango wa pili. Waliolipwa vizuri miezi ya kwanza walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma yao, na hivyo ndivyo Deci ilivyowalipa watu kabla ya kuanguka mwaka 2007.

Kwa anayetaka kuanza leo, andika kwenye karatasi moja mambo matatu: asilimia unayopata mkononi baada ya kodi, asilimia utakayoiacha ndani kwa ajili ya bei, na mtaji ulio nao. Toa ya pili kutoka kwa ya kwanza, zidisha kwa mtaji, gawa kwa 12. Kwa mama wetu ni 11.2 kutoa 2.4, mara 3,000,000, na inamrudisha kwenye 22,000 yake. Karatasi hiyo aifungue tena siku riba ya bondi inapoingia, aangalie kama mfuko una zaidi ya 300,000, na aandike upya asilimia ya mfuko, kwa sababu hiyo itakuwa imeshabadilika.